Kijana wa miaka 16 anabeti kwa laini yangu: nitajuaje imefika wapi, na niongee naye vipi bila vita?

MamaSegerea (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi.

Nina kijana wa miaka 16, kidato cha tatu, shule ya kutwa. Mimi nauza vitafunwa hapa Segerea na nina simu mbili. Kubwa natembea nayo. Nyingine ni kitochi chenye laini ya zamani, wateja wa jumla hunitumia pesa huko mara moja moja. Kinakaa juu ya kabati sebuleni na kila mtu nyumbani anakigusa.

Juzi nimekichukua kuangalia kama mteja ameshatuma, nikakuta meseji kwamba nimelipa shilingi 1,000 kwa kampuni ya kubeti. Muda ni saa nne na nusu usiku, mimi nilikuwa nimeshalala. Meseji nyingine zote zimefutwa, hii nadhani aliisahau. Kinachonichanganya ni kwamba salio liko vilevile nilivyoliacha, hata mia haijapungua.

Simu yake nimeipekua alipokuwa anaoga. Sijaona programu yoyote ya kubeti.

Baba yake ni dereva wa malori, yuko njia ya Tunduma, anarudi wiki ijayo. Nikimwambia leo najua kitakachotokea akifika. Kwa hiyo nina siku chache. Nataka kujua jambo hili limefika wapi, na nataka kuongea na mtoto kabla nyumba haijawaka. Mwenye uzoefu anisaidie.

MzeeWaMbezi

Mama, usijichoshe. Kwanza kampuni zote za kubeti zinakataza walio chini ya miaka 18, ni sheria. Kwa hiyo huenda si yeye, ni mtu mwingine hapo nyumbani. Pili, kama ni yeye, dawa ni Family Link. Weka kwenye simu yake, funga tovuti zote za kubeti, futa kilichopo, mchezo umeisha. Mimi nimefanya hivyo kwa wangu wa darasa la saba, yuko kimya kama maji ya mtungini.

MkekaUmetiki

Hiyo kampuni ni ipi mama, wanalipa haraka? Nauliza tu 😂

WakalaTandika

Mama Segerea, shikamoo. Nina kibanda cha uwakala Tandika, miaka mingi sasa, na haya nayaona kila siku dirishani.

Mzee wa Mbezi yuko sahihi kuhusu sheria. Michezo ya kubahatisha ni kuanzia miaka 18, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo inasimamia. Lakini akaunti inafunguliwa kwa namba ya simu. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama ya kidole cha mtu mzima, kwa hiyo mbele ya kampuni anayebeti ni wewe Mama Segerea. Nani ameshika simu, hawaoni. Kijana wa miaka 16 hana kitambulisho cha taifa, kwa hiyo hawezi kusimama peke yake. Lazima ajishikize kwenye laini ya mtu: mama, bibi, dada wa kazi, au kijana wa kijiweni anayemfanyia kwa malipo.

Ndiyo maana nakwambia uache kutafuta programu. Kitochi chako hakiwezi hata kubeba programu. Kampuni nyingi zinapokea mkeka kwa menyu ya nyota na reli, nyingine kwa meseji, na kwenye simu kubwa anafungua tovuti kwa njia ya siri ya kivinjari, akifunga haibaki alama. Wewe fuata pesa, kwa sababu pesa inapita mlango mmoja tu, nao ni wa laini yako.

Kuhusu salio kutopungua: huyo mtoto ana adabu ya mahesabu kuliko unavyodhani. Nakisia anakuja kwa wakala na kitochi chako, anaweka hela yake 2,000, akifika nyumbani anazilipa kwa kampuni. Imeingia, imetoka, salio lako liko palepale. Fanya hivi. Ingia menyu ya pesa ya mtandao wako, tafuta taarifa fupi ya miamala. Itakuonyesha ya karibuni tu. Ukitaka ya miezi, nenda duka la mtandao na kitambulisho chako, omba taarifa kamili ya laini hiyo. Kufuta meseji hakufuti miamala. Ukiipata angalia vitu vitatu: kuweka pesa ambako hukuweka wewe, malipo kwenda kampuni, na pesa zilizorudi kutoka kampuni. Hicho cha tatu wazazi wengi hawakiangalii kabisa.

Jambo moja nakuomba sana. Usiivunje hiyo laini wala usibadilishe namba ya siri leo. Nitakwambia kwa nini ukisharudi na karatasi.

ShangaziKigamboni

Dada pole. Yaani kama unanisema mimi. Mume wangu ameuza friji tukiwa msibani kwa sababu ya hii mikeka. Wanaume wa siku hizi ukiwaacha na simu usiku umekwisha. Ushauri wangu chukua simu yake ukiwa na ndugu zake wawili kama mashahidi, mkalishe chini, mwambie achague familia au kubeti.

MamaSegerea

Shangazi pole sana kwa hilo la friji, ila mimi nasema mtoto, si mume. Mashahidi tena si ndiyo nitamwaibisha asiseme neno?

Wakala, marahaba, na asante. Namba ya siri ameijuaje? ... Hapana, najua. Nimekuwa nikimtuma kwa wakala anitolee hela tangu yuko darasa la sita.

WakalaTandika

Ndiyo hivyo. Nusu ya watoto wa mtaa huu wanazijua namba za siri za mama zao, na wengine wananitajia kwa sauti mbele ya foleni.

KijanaWaSinza

Mimi nina miaka 21, nilianza kubeti kidato cha pili kwa laini ya bibi yangu, kwa hiyo naomba niseme upande wa pili.

Mama, ukipata hiyo karatasi usiangalie jumla tu, angalia saa na jinsi malipo yalivyofuatana. Wa mpira analipa mara moja kabla ya mechi. Buku saa kumi jioni Jumamosi, buku nyingine usiku wakati wa mechi za Ulaya. Hapo katikati katulia, anasubiri. Huyo bado ni mtu wa kuongea naye kirahisi, hata kama kakosea.

Anayecheza kindege karatasi yake iko tofauti kabisa. Kindege ni ule mchezo wa namba inayopanda, unatakiwa utoe hela kabla ndege haijaondoka. Raundi haifiki hata dakika. Utaona 500, 500, 1,000, 1,000, 2,000, zote ndani ya nusu saa, na dau linakua kila akiliwa kwa sababu anafukuzia iliyopotea. Ukiona safu kama hiyo, hasa saa sita au saa saba usiku, ujue hapo usingizi hana. Mimi mpira ulinichukua mwaka mzima kunimaliza, kindege kilinichukua likizo moja ya Juni.

Na kuna dalili watu watakutajia ambazo si za maana sana. Kusema "ova mbili nukta tano" au "GG" si ushahidi, hayo ni maneno ya kila kijana anayekaa kijiweni Dar hii. Ila ukimkuta anafuatilia matokeo ya ligi ya vijana ya nchi ambayo hajui iko bara gani, au anahesabu kona badala ya magoli, hapo kuna mkeka.

Simu umeipekua kwa siri, mimi naona usimfiche hilo. Akija kujua mwenyewe atahamia kwa laini ya mtu mwingine, na huko hutamwona.

MzeeWaMbezi

Hapo sikubaliani. Mtoto wa miaka 16 analala kwangu, anakula kwangu, simu nimenunua mimi. Kupekua ni haki yangu na sina haja ya kumuaga. Mnaanza kuleta mambo ya faragha kwa watoto.

KijanaWaSinza

Mzee sijasema huna haki. Nimesema atahama. Bibi yangu alipobadilisha namba ya siri bila kuniambia kitu, nilikwenda kwa jamaa wa banda la kuchajia simu. Alinifungulia akaunti kwa laini yake, nikishinda anachukua robo. Nikawa nabeti zaidi ili nifidie hiyo robo.

MamaSegerea

Wanajamvi nimerudi. Nimekwenda duka la mtandao, wamenipa taarifa ya kuanzia shule zilipofunguliwa. Nimekaa nayo jikoni na kalamu.

Kwenda kampuni ya kubeti, jumla shilingi 63,500. Karibu zote ni buku au jero. Kutoka kampuni kuja kwangu, mara mbili tu: 15,000 na 6,000. Zote zilitolewa kwa wakala siku hiyohiyo. Kuweka kwa wakala ni nyingi, elfu mbili mbili, elfu tatu, na mara moja 8,000. Hesabu yangu ni kwamba zimepotea 42,500.

Nyingi ziko kama kijana wa Sinza alivyosema, Jumamosi na Jumapili jioni, na usiku wa katikati ya wiki. Ila kuna Jumapili moja nimeona 500, 500, 1,000, 1,000, 1,000, 2,000 ndani ya dakika ishirini na kitu. Mwili umenisisimka.

Kinachonitatiza: mimi nampa 2,000 kwa siku. Nauli ya mwanafunzi ni 200 kwenda, 200 kurudi, nyingine anakula. Hata akifunga kula, hiyo 8,000 kaitoa wapi kwa siku moja? Hela yangu haijapungua, nimehakikisha. Naogopa anaiba kwa watu.

WakalaTandika

Kabla hujasema neno wizi, nikupe kitu ninachokiona dirishani. Wanakuja watatu wanne na sare za shule, mmoja ndiye mwenye simu. Wengine wanampa hela mkononi. Yeye ndiye "ofisi" yao, kwa sababu yeye ndiye aliyepata laini ya mtu mzima. 8,000 kwa siku moja, kwa mtoto wa 2,000, inanuka hivyo. Maana yake ni mambo mawili. Zile 63,500 si zote za kwake. Na huenda kuna mwenzake ambaye mkeka wake ulitiki, hela ikaingia kwako, na hakulipwa.

Kwa hiyo ukiongea naye, swali la kwanza lisiwe "hela umetoa wapi". Atasikia mwizi, atafunga mdomo. Na ukimuuliza "kwa nini unabeti" atakujibu sijui, na kweli hajui.

DadaWaUstawi

Nimefanya kazi na vijana kwa muda, naomba niongeze kwenye mazungumzo yenyewe.

Chagua saa ambayo hakuna mechi inayoendelea na hakuna mgeni. Siyo usiku baada ya kukuta meseji nyingine, wakati huo utakuwa na hasira na yeye anasubiri matokeo. Mpe mikono kazi, mkae mnachambua mchele au mnakunja nguo, asikutazame usoni muda wote. Anza na unachokijua, kwa sentensi fupi, na umwambie umekijuaje. Mfano: "Baba, laini yangu ya kitochi imelipa kampuni ya kubeti. Nimechukua taarifa dukani, hii hapa. Sijakuita kukupiga. Nataka tuisome wote." Halafu nyamaza. Kimya ni kigumu, utatamani kujaza kwa mahubiri. Usijaze.

Swali langu la kwanza huwa ni kubwa gani uliyowahi kushinda. Wazazi wanashangaa, lakini hilo ndilo jambo ambalo kijana amekuwa akitamani kumwambia mtu. Akishasema la ushindi, mengine yanafuata. Baada ya hapo: kwenye akaunti kuna kiasi gani sasa, nani wengine wanatumia akaunti hiyo, na unadaiwa na nani. Hilo la deni ndilo zito kuliko yote. Mtoto anayedaiwa hawezi kuacha hata akitaka, kwa sababu anaona njia pekee ya kulipa ni mkeka mwingine.

Mkimaliza, usimwapishe. Kiapo cha kutobeti tena akikivunja wiki ya pili atakuficha kwa aibu, na hapo ndipo umempoteza.

TichaHesabu

Nafundisha hesabu sekondari, Temeke. Mimi mahubiri nimeyaacha, natumia ubao.

Mwambie aandike mkeka wake wa kawaida. Tuseme mechi tano, kila moja odi 1.50. Zidisha 1.50 x 1.50 x 1.50 x 1.50 x 1.50, unapata kama 7.6. Buku ikitiki inaleta 7,600. Anaona vizuri. Sasa muulize odi ya 1.50 ina maana timu inashinda mara ngapi kwa mia. Wengi wanasema mara 67. Hiyo ingekuwa kweli kama kampuni haichukui chake. Inachukua, kwa hiyo tukadirie nafasi ya kweli ni 62. Zidisha vilevile, 0.62 x 0.62 x 0.62 x 0.62 x 0.62. Inakuja kama 0.09, yaani mkeka mmoja kati ya kumi na moja. Ametoa 11,000 kwenye mikeka kumi na moja, amerudishiwa 7,600.

Halafu aongeze ziwe mechi kumi kwa odi zilezile. Malipo yanapanda hadi mara 57 na ushee, macho yanang'aa. Lakini nafasi inakuwa mmoja kati ya mia na kumi na tisa. Hapo katika kila 1,000 anarudishiwa kama 480. Kampuni inachukua kidogo kwenye kila mechi, na kwenye mkeka vile vidogo vinazidishana. Ndiyo maana mkeka mrefu ndio unaopigiwa debe na bonasi. Wanafunzi wangu waliokuwa wanajiona wajanja wa mpira hapo ndipo wananyamaza, kwa sababu ujuzi wao wa timu haujaguswa. Sijawaambia hawajui mpira.

Kwa kindege hesabu hii haifai. Pale hakuna timu ya kujua, na mwenye mchezo mwenyewe anatangaza kwamba unarudisha 97 kwa mia. Inaonekana ndogo hadi ukumbuke anazungusha hela ileile mara sitini kwa saa.

MkekaUmetiki

Ticha umeniharibia Jumamosi.

KijanaWaSinza

Ticha hesabu safi, ila mimi nilikuwa naijua na bado nikabeti. Nilichokuwa nakumbuka ni ile siku moja tu niliyopata 40,000. Kwangu kilichofanya kazi ni karatasi kama ya Mama Segerea, imeingia hii, imetoka hii. Nilikuwa naapa niko juu.

Ongeza swali moja mama: muulize kama kuna kundi la WhatsApp au Telegram ananunua mikeka ya uhakika, au programu ya kutabiri kindege. Hizo hazionekani kama malipo ya kampuni, zinaonekana kama umetuma hela kwa namba ya mtu binafsi. Ni utapeli mtupu, hakuna anayejua ndege itaondoka saa ngapi.

MamaSegerea

Nimeongea naye jana mchana.

Tulikuwa tunamenya vitunguu vya sambusa, angalau machozi yalikuwa na sababu. Nikasema kama Dada wa Ustawi alivyoandika, nikaweka karatasi juu ya ndoo. Alikaa kimya mpaka kitunguu cha pili. Nikamuuliza kubwa aliyowahi kushinda. Akasema 15,000, na akaanza kunieleza mechi moja moja, nani alifunga dakika za mwisho, mpaka akasahau kuogopa. Nikamwonyesha zilizotoka. Alibisha kwamba haziwezi kufika 63,000, akachukua kalamu akajumlisha mwenyewe mara mbili.

Wakala, ni kama ulikuwepo. Wako wanne darasani. Yeye akibeti anakata mia kwa kila mkeka wa mwenzake. Ile 6,000 ilikuwa ya rafiki yake. Hakumpa. Aliiweka yote kwenye kindege ile Jumapili ili izae, ikaisha. Nusu ya ile 8,000 alikopa kwa kijana wa banda la kuchajia simu amlipe rafiki, akaibetia tena. Sasa anadaiwa 6,000 na rafiki na 4,000 na yule wa banda, na wa banda anamwambia asipolipa atakuja nyumbani baba akirudi. Kumbe ndiyo sababu ya kukosa usingizi.

Kwenye akaunti kuna 1,350. Kundi la Telegram yumo, hajanunua.

Sijampiga, sijalia mbele yake. Ila sasa sijui: hilo deni nilipe mimi?

MzeeWaMbezi

Usilipe hata senti. Ukilipa umemfundisha kwamba mama ni benki. Aende akafanye kazi likizo.

DadaWaUstawi

Mimi ningetenganisha. La rafiki ni hela ya mtoto mwenzake iliyopotea mikononi mwake, alipe mwenyewe kidogo kidogo kwa kazi ya vitafunwa, na wewe ujue kila anapolipa. La banda ni mtu mzima anayemkopesha mtoto ili abeti kisha anamtisha. Hilo nenda mwenyewe, mchana, ukiwa na mtu mzima mwenzako, umalize na umwambie wazi kwamba mtoto ana miaka 16. Akikusumbua, mjumbe na serikali ya mtaa wapo.

Na ukiona kijana hapati usingizi, hataki kula, au anasema maneno ya kukata tamaa, namba ya huduma kwa mtoto ni 116, bure. Muhimbili pia wana idara ya afya ya akili na uraibu wa kamari si mgeni kwao.

MzeeWaMbezi

La banda nakubali. La rafiki bado nasema aisome namba.

WakalaTandika

Sasa nikwambie kwa nini nilisema usivunje laini. Hela ya kwenye akaunti inatoka kwa namba ileile tu. Ukitupa laini, umeacha 1,350 huko na, kibaya zaidi, umeacha akaunti hai yenye jina lako. Laini isipotumika muda mrefu mtandao unaweza kuiuza upya kwa mtu mwingine.

Kaa naye, aitoe hiyo 1,350 mbele yako. Kisha mpigie au mwandikie huduma kwa wateja wa kampuni, taja namba, sema aliyekuwa anaitumia ana miaka 16 na unataka akaunti ifungwe, si isimamishwe. Omba jibu la maandishi ulitunze. Wakikuzungusha, peleka malalamiko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na hayo maandishi. Hela zilizokwisha liwa usizitegemee. Kuna watu wameniambia wamerudishiwa na wengine wamekataliwa, sina uhakika wa kukupa.

Ikishafungwa ndipo ubadilishe namba ya siri, na kitochi kihame kutoka juu ya kabati. Ukimtuma kutoa hela, mtume na hela ndogo ya nauli, muamala ufanye wewe.

La mwisho, piga *106# kwenye simu yako. Utaona namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Wasajili wa barabarani wakati mwingine walikuwa wanachukua kidole mara mbili na laini ya pili inauzwa. Akaunti ya kubeti inaweza kuwa juu ya namba hata hujawahi kuiona.

MamaSegerea

Nimepiga, ziko mbili zangu tu. Alhamdulillah. Akaunti wamesema itafungwa ndani ya siku chache, nasubiri meseji. Banda nimekwenda na shemeji yangu, nimempa 4,000 yake, hakusema kitu.

Limebaki la baba yake. Mtoto ameniomba aseme yeye mwenyewe, nami niwepo. Sijaamua.

KijanaWaSinza

Mwache aseme. Ila wewe mpigie mzee akiwa bado njiani, umwambie kuna jambo, limeshashughulikiwa, mtoto atamweleza. Hasira ya kwanza iishie Mikumi huko.

ShangaziKigamboni

Jamani mimi nimepiga hiyo *106#. Imekuja namba ya nne, siijui kabisa. Niipigie nione ni nani?

WakalaTandika

Usiipigie Shangazi. Akiwa na salio lake huko au deni, ataanza kukusumbua wewe. Nenda duka la mtandao husika na namba yako ya NIDA, waombe waiondoe kwenye jina lako, na kabla hawajaiondoa waulize kama ina mkopo wa simu. Ukiikuta ina mkopo njoo hapa tena, hilo lina njia yake.